Pumba za mahindi kwenye vitabu: zipunguze gharama ya sembe au ziwe mapato mengine?

Mi nafunga hesabu za mashine za sembe huku Manzese na Tandale, na kila mhasibu mpya anayeanza kwenye hii kazi hukwama palepale, kwenye pumba. Hajui aziandike wapi. Tufanye mwezi mmoja mzima, namba ni za mfano tu, chukua kalkuleta ufuate.

Hatua ya 1: kusanya gharama. Mahindi kilo 40,000 kwa sh 800 ni sh 32,000,000. Kukoboa na kusaga, yaani umeme, vibarua na vipuri, sh 4,000,000. Jumla 36,000,000. Zimetoka sembe kilo 30,000 na pumba kilo 9,000, kilo 1,000 zimepotea kwa vumbi na unyevu. Pumba hazibebi gharama yoyote hapa, maana hakuna anayenunua mahindi ili apate pumba.

Hatua ya 2: tafuta thamani halisi ya pumba. Wafuga kuku wananunua kwa sh 400 kilo, ila kabla hujaipata hiyo 400 unatoa sh 50 ya viroba na kupakia, kwa hiyo inayobaki mkononi ni 350. Zidisha na kilo 9,000 unapata sh 3,150,000. Wengi wanasahau kutoa hiyo 50 halafu wanashangaa mbona stoku ya pumba ina thamani kubwa kuliko hela inayoingia.

Hatua ya 3: punguza gharama ya sembe. Debiti stoku ya pumba 3,150,000, krediti gharama ya uzalishaji kiasi hichohicho, unafanya hivi pumba zikishatoka mashineni, husubiri ziuzwe.

```
(36,000,000 - 3,150,000) / 30,000 = 1,095
```

Sembe inakaa stoo kwa sh 1,095 kilo. Tuseme umeuza kilo 24,000 kwa sh 1,400, mauzo 33,600,000, gharama yake 26,280,000, faida 7,320,000. Pumba umeuza kilo 6,000 zimeingiza 2,400,000, ukatoa 300,000 za viroba na kupakia, ile 2,100,000 inayobaki unaikrediti kwenye stoku ya pumba, sio kwenye mapato, faida yake ilishaingia kupitia gharama ya sembe.

Hatua ya 4: sasa fanya kwa njia ya mapato mengine. Hapa hugusi gharama, sembe inabaki sh 1,200 kilo. Gharama ya mauzo 28,800,000, faida ya sembe 4,800,000, halafu chini unaandika mapato mengine ya pumba 2,100,000. Jumla 6,900,000.

Tofauti ni 420,000 na imekaa kwenye stoku. Njia ya kwanza ina sembe kilo 6,000 zenye thamani ya 6,570,000 na pumba kilo 3,000 zenye 1,050,000, ya pili ina sembe ya 7,200,000 na pumba sifuri. Vyote vikishauzwa mwezi ujao kwa bei zilezile, hiyo 420,000 inajirudi na faida ya miezi miwili inakuwa sawa.

Sasa mi nachagua ipi? Ya kwanza, na sio kwa sababu IAS 2 aya ya 14 inasema hivyo tu (zao la ziada lisilo na uzito mkubwa, thamani yake halisi inatolewa kwenye gharama ya zao kuu). Ukisema sembe inakugharimu 1,200 wakati ni 1,095 unaweza ukakataa oda ya shule ya sh 1,180 ukidhani unapata hasara. Halafu kuna stoo. Kuna mashine niliwahi kuikuta inaandika pumba pale hela inapoingia tu, hakuna leja ya stoku, viroba vilikuwa vinatoka usiku bila risiti na vitabu havikuonyesha chochote, kwa sababu kwenye vitabu pumba hazikuwepo. Ukiwa na leja unalinganisha, kwa mfano wetu kila kilo 100 za mahindi zinatoa pumba kilo 22.5, zikishuka 17 nenda stoo ukaulize.

Kosa ninalolikuta zaidi ni kuchanganya njia zote mbili, mtu anapunguza gharama ya sembe halafu mauzo ya pumba anayaandika tena mapato mengine. Faida inavimba kwa 2,100,000. Utalijua kirahisi, leja inasema pumba kilo 9,000 na stoo ziko 3,000.

Na bei ikishuka? Pumba zikienda sh 300, zile kilo 3,000 zilizobaki sasa ni 250 kila moja, andika hasara ya 300,000 mwezi huohuo, usirudi nyuma kubadilisha ile 1,095.

Mapato mengine yanavumilika kama pumba ni kidogo na zinaisha kila wiki. Ila ukihamia alizeti usibebe hii hesabu nzimanzima, kule mashudu yanaweza kuingiza sehemu kubwa ya mauzo, na yakifika hapo sio zao la ziada tena, gharama ya alizeti inagawanywa kati ya mafuta na mashudu kwa uwiano wa thamani ya mauzo.