Kujaza nafasi na kuoanisha katika mtihani wa ushairi: mambo ya kuzingatia kabla

Mwanafunzi anayejiandaa kwa sehemu ya ushairi katika mtihani wa Kiswahili hukutana na istilahi nyingi kwa mkupuo: tathlitha, tarbia, ukwapi, utao, mloto, mleo, ukara, ukaraguni, pindu, inkisari, tabdila. Wengi huzikariri zote kwa nguvu moja, na siku ya jaribio hukumbuka nusu tu. Nusu hiyo inaweza kufungua sehemu kubwa ya nusu iliyobaki, mradi maandalizi yafanywe kwa namna inayosaidia kukisia kwa hoja. Kazi ya kwanza ni kujua istilahi zipi zinajieleza zenyewe, ili nguvu ya kukariri ibaki kwa zile zisizojieleza.

Anza na majina ya mashairi kwa idadi ya mishororo katika ubeti. Tathnia ni miwili, tathlitha mitatu, tarbia minne, takhmisa mitano, tasdisa sita, na ushuri kumi. Hapa hakuna cha kukariri kwa anayesikia namba zilizo ndani. Tathnia ina sauti za thenashara, yaani kumi na mbili. Tathlitha inakaa na thelathini na theluthi. Tarbia iko na arubaini na robo, takhmisa na hamsini, tasdisa na sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Ushuri wenyewe ni jina la sehemu moja ya kumi. Ukiandika jozi hizi mara moja kwenye daftari na kuzisoma kwa sauti, kundi zima limekwisha.

Hata hivyo kundi hili lina mtego mmoja ambao watungaji wa maswali huupenda. Namba hizo zinahesabu mishororo, si vipande. Swali likisema "shairi ambalo kila mshororo wake una vipande vitatu", mkono hukimbilia tathlitha kwa sababu ya ile tatu. Jibu ni ukawafi. Kabla ya kujibu swali lolote lenye namba, pigia mstari nomino inayohesabiwa: ni mishororo, ni vipande, au ni mizani?

Kundi la pili ni vipande vya mshororo: ukwapi ni cha kwanza, utao cha pili, mwandamo cha tatu, ukingo cha nne. Ukingo unajieleza, kwa kuwa ndio pembeni kabisa mwa mshororo. Mwandamo ndio unaodanganya. Kuandama ni kufuata, na mtu husema kinachofuata cha kwanza ni cha pili, basi anaandika mwandamo mahali pa utao. Kosa hilo haliishii hapo, maana utao nao utakosa mahali na kusukumwa kwenye cha tatu. Kwa hiyo weka alama ya hatari kando ya neno hilo sasa hivi. Mloto na mleo, yaani mshororo wa pili na wa tatu wa ubeti, havijielezi hata kidogo. Hivyo ni vya kukariri tu.

Jambo la tatu la kuandaa ni ngeli, na hili ndilo wanafunzi hulipuuza ilhali ndilo msaada mkubwa zaidi katika kujaza nafasi. Sentensi ya Kiswahili haiachi nomino iende bila alama. Ukiona "Shairi hili lina ______ tano", neno mishororo haliwezi kuingia, kwa sababu lingedai "mitano". Vipande na vina vingedai "vitano". Kinachokubali "tano" ni beti. Ukiona "Kila ubeti una ______ minne", beti na vipande vimefungiwa nje na mishororo imebaki mlangoni. Ukiona "______ vya kati havifanani na vya mwisho", unatafuta neno la vi-, na kati ya vipande na vina, linalofanana au kutofanana ni vina. Jizoeze kuandika kila istilahi pamoja na kivumishi chake: ubeti mmoja, beti mbili, mshororo mmoja, mishororo miwili, kina kimoja, vina viwili, kituo kimoja, mizani nane.

Ufunguo huu una kikomo chake, nacho ujulikane mapema. Katika namba moja hadi kumi, sita, saba, tisa na kumi hazipokei alama ya ngeli. "Kila mshororo una ______ kumi na sita" haikuambii chochote kwa sarufi, na hapo lazima ujue kwamba mizani kumi na sita, nane kwa nane, ndiyo kawaida ya mshororo wa tarbia. Namba ikiandikwa kwa tarakimu, alama nayo hupotea. Vilevile sentensi inayoishia na "huitwa ______" haina kinachofuata cha kukusaidia. Mtungaji makini huandika hivyo kwa makusudi.

Pia angalia umoja na wingi unapojaza. Anayejua jibu ni mshororo lakini akaandika "mishororo" mahali panapodai "wa mwisho hurudiwa" ameonyesha kwamba hakusoma sentensi mpaka mwisho, na msahihishaji mkali anaweza kumnyima alama. Tofauti ya kurudiwa na kutorudiwa nayo ni ya kushikwa vizuri: mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti ni kibwagizo au kiitikio, na usiorudiwa ni kituo au kimalizio. Vitabu hutofautiana katika majina haya, kwa hiyo shika lile linalotumiwa darasani kwako, ujaze jina moja tu. Kuandika majina mawili kwa mkwaju kati yake ni kumwalika msahihishaji aulize unajua lipi.

Sasa kuoanisha. Kabla ya jaribio, tengeneza jedwali lako mwenyewe na ulifanye kwa utaratibu huu mpaka mkono uzoee. Tuchukue lenye maelezo sita na istilahi nane, mbili zikiwa za ziada. Maelezo: (i) kurefusha neno ili mizani itimie, (ii) kufupisha neno ili mizani isizidi, (iii) vina vyote hubadilika kutoka ubeti mmoja hadi mwingine, (iv) vina vya upande mmoja hubaki vilevile shairi zima na vya upande mwingine hubadilika, (v) neno la mwisho la ubeti huanzisha ubeti unaofuata, (vi) mshororo wa mwisho ni mfupi kuliko mingine. Istilahi: ukara, inkisari, pindu, tabdila, msuko, mazida, ukaraguni, kikwamba.

Usianze kuchora mistari. Kwanza gawa maelezo kwa aina ya kitu kinachoelezwa. La kwanza na la pili yanaanza na kitenzi, kurefusha na kufupisha: ni mambo ambayo mshairi hulifanyia neno. Manne yaliyobaki yanaeleza umbo la shairi. Kisha gawa istilahi vivyo hivyo. Mazida, tabdila na inkisari ni za uhuru wa mshairi, na tano zilizobaki ni majina ya bahari. Ghafla jedwali moja gumu limekuwa mawili madogo.

Katika dogo la kwanza, mazida inasikika ndani yake zidi na ziada, basi ni kurefusha, kama "enda" kuwa "enenda". Tabdila ina badili, na kubadili sauti si kufupisha: "jua" likiandikwa "juwa", mizani hubaki mbili. Kwa hiyo kufupisha, kama "nimekuja" kuwa "mekuja", kumeangukia inkisari, hata kama neno hilo hujawahi kulielewa. Tabdila ni ya ziada. Angalia faida ya kule kugawa kwanza: mtu asiyegawa angeona "hubadilika" katika (iii) na (iv), akakumbuka badili, akaipeleka tabdila huko. Kufanana kwa neno ndani ya maelezo na neno ndani ya istilahi ni dalili tu, na dalili hiyo isipite mpaka wa kundi.

Katika dogo la pili, tuseme unakumbuka ukara pekee, kwamba upande mmoja hushika na mwingine huachia. Hiyo ni (iv). Ukaraguni ndani yake limo guni, jina la shairi la arudhi lililokosa urari wa vina au mizani, basi vina visivyotulia hata upande mmoja ni (iii). Hapo zimebaki pindu, msuko na kikwamba kwa (v) na (vi), na hapa kukisia kunachoka. Msuko unakumbusha kusuka, na kusuka kunafanana na kuunganisha beti, kwa hiyo wengi huupeleka (v) na kukosa. Pindu huitwa pia mkufu, na anayejua jina hilo la pili anaona pete zinavyoshikana, mwisho wa moja ndani ya mwanzo wa nyingine. Pindu ni (v). Msuko na kikwamba havina cha kukuonyesha. Ama unakumbuka kwamba kikwamba hurudia neno lilelile mwanzoni mwa mishororo au beti, na hivyo hakiwezi kuwa (vi), ama unabahatisha moja kwa mbili.

Kutokana na jedwali hilo na kundi la vipande na mishororo, orodha ya kukariri jioni ya kabla ya mtihani imejiandika: kikwamba, msuko, mloto, mleo, utao na ule mwandamo wa hatari. Ni maneno sita, na hayachoshi.

Hesabu istilahi na maelezo kabla ya kuanza, na usome kama istilahi moja inaweza kutumika mara mbili. Orodha zikilingana na kila jibu likitumika mara moja, jozi ya mwisho hujipata yenyewe, lakini pia haiwezekani kukosea moja tu: ukikosa moja, nyingine nayo imekosa. Kwa hiyo ukigundua kosa, tafuta mwenziwe. Orodha zikilingana, kubahatisha zote zilizobaki huleta kwa wastani jibu moja sahihi, ziwe mbili au ziwe sita, ndiyo sababu inafaa kupunguza zinazobaki badala ya kutumaini wingi wake. Zikiwapo za ziada, wastani huo hushuka chini ya moja. Andika majibu kwa penseli kwenye karatasi ya swali, futa istilahi iliyokwisha kutumika kwa mstari mwembamba unaosomeka, na hamishia herufi kwenye karatasi ya majibu baada ya jozi zote kukaa. Anayehamisha moja moja akibadili mawazo huacha herufi iliyofutwafutwa, na D iliyochorwa juu ya B msahihishaji anaweza kuisoma kama B.