Idara ikifuta kozi unapokaribia kuhitimu

Wewe unayesoma chuo Tanzania, ukiona kozi ya muhula wa mwisho imeondolewa kwenye ratiba, usikimbilie kuchagua nyingine. Fungua kwanza prospektasi ya mwaka ulioanza masomo, si ya mwaka huu, uone kama ni ya lazima au ya hiari.

Kama ni ya hiari, hesabu krediti. Shahada ya miaka mitatu inadai angalau 360. Tuseme ukifaulu kozi zako zilizobaki utafika 348: pengo ni 12, kwa hiyo kozi ya krediti 8 peke yake haikuvushi, hata kama ratiba yake inakufaa. Tafuta mbadala, hata katika idara jirani, uisajili kabla dirisha la kuongeza na kuondoa kozi halijafungwa. Dirisha hilo huwa fupi mno, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ikiwa ni ya lazima, andika barua kwa mkuu wa idara ukiomba kozi mbadala yenye krediti sawa au zaidi, utaje misimbo ya kozi zote mbili. Omba jibu la maandishi. Ruhusa ya mdomo haina nguvu, kwa sababu matokeo yakipitiwa kabla ya mahafali, anayekagua anaona tu kwamba kozi ya lazima haipo. Nakala iliyogongwa mhuri baki nayo, na uhakikishe mbadala unaonekana kwenye akaunti yako ya usajili.