Zamu ya kwanza kwenye mchezo ina bei gani?

Mchezo wa watu 10, laki moja kwa mwezi: wote mnachanga sawa na wote mnapokea milioni. Kinachotofautiana ni tarehe tu. Wa kwanza anapokea leo, wa 10 baada ya miezi 9.

Muuza mitumba wa Karume anayekopa mtaji kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi aigawe hiyo milioni ya mwisho kwa 1.03^9. Kwa thamani ya leo inabaki kama 766,000, yaani zamu ya mwisho inamgharimu 234,000. Mwenzake wa zamu ya kwanza, asiye na deni, ambaye akiba yake ingezaa asilimia 1 kwa mwezi (na hiyo ni nzuri), akichukua ya mwisho anapoteza kama 86,000 tu. Basi wabadilishane zamu, wa Karume amlipe 150,000 leo, wote wamefaidika.

Ila wa mwisho ndiye anayekopesha wenzake. Akihofia mmoja aliyeshapokea atatoroka kabla ya zamu yake, na kijumbe hafidii, ahesabu 900,000. Thamani yake leo ni kama 823,000, hasara 177,000, na ile 150,000 haitoshi tena.