Kusoma picha ya rada ya mvua kabla ya kupiga dawa shambani

Alasiri moja ya Januari, mama mmoja wa Hombolo, mkoani Dodoma, mwenye nusu ekari ya zabibu alinitumia picha ya skrini kutoka kwenye programu ya hali ya hewa ya simu yake. Ilikuwa na doa kubwa la mvua lenye kijani, njano na nyekundu katikati, mishale ya upepo na maandishi ya asilimia 60. Chini yake aliandika: "Mwanangu, nipige dawa ya ukungu leo au niache?" Nilimsalimu, kisha nikamwomba dakika chache, kwa sababu picha moja peke yake haikutosha kunipa jibu. Hapa ninaeleza namna tulivyoisoma, kwa yeyote anayepulizia dawa katika nyanda hizi kavu za kati, ambako mvua nyingi huja kama wingu moja zito la alasiri na kuacha shamba la jirani likiwa kavu.

Hatua ya kwanza: picha inazungumzia saa ngapi

Tafuta saa iliyoandikwa ndani ya ramani yenyewe, si ile ya simu iliyo juu kabisa ya skrini. Katika picha ya mama ilikuwa `12:10 UTC`. Yeye aliisoma kama saa sita na dakika kumi mchana, akadhani picha imepitwa na wakati. Herufi UTC, au Z katika programu nyingine, zina maana ya saa ya dunia, na sisi tunaongeza saa tatu: 12:10 inakuwa 15:10, yaani saa tisa na dakika kumi alasiri.

Sasa linganisha na saa ya simu iliyo juu. Ya mama ilionyesha 15:22, kwa hiyo ramani ilikuwa nyuma kwa dakika 12, jambo la kawaida kwa picha ya rada. Ikiwa saa ya ramani imetangulia saa ya simu, unachokitazama ni utabiri uliochorwa kwa rangi zilezile za rada, na mvua hiyo bado haijanyesha popote. Ndiyo maana huwa ninawasihi watu wasikate picha kabla ya kuituma: wakiondoa ukanda wa juu, njia ya kutambua jambo hili inapotea.

Angalia pia jina la tabaka lililochaguliwa. `Radar` ina maana kwamba chombo kimepima matone yaliyomo angani. `Satellite` hutazama mawingu kutoka juu, na wingu refu la radi linapotandaza kilele chake, rangi huenea hata mahali ambapo hakuna tone linalodondoka. Eneo lisilo na rangi halithibitishi ukavu, kwa sababu huenda liko nje ya upeo wa rada. Programu nyingi huonyesha upeo huo kwa kivuli au mstari wa duara.

Hatua ya pili: shamba lako na kipimo cha umbali

Weka alama mahali shamba lilipo, kisha tafuta mstari mfupi wa kipimo, ambao mara nyingi uko kwenye kona ya chini. Huo ndio utakaokupa umbali katika hatua ya nne.

Hatua ya tatu: rangi

Hakuna mkataba wa pamoja kuhusu rangi, na njano ya programu moja inaweza kuwa kijani katika nyingine. Soma ngazi ya rangi iliyo pembeni pamoja na kizio chake. Kikiwa `mm/h`, ni kasi ya mvua kwa saa. Kikiwa `dBZ`, ni nguvu ya mwangwi unaorudi kwenye rada, na kwa makadirio ya kawaida 20 ni manyunyu yasiyofika milimita moja kwa saa, 30 ni karibu milimita 3, 40 ni karibu 12, na 50 ni karibu milimita 50 kwa saa, mvua ya kujaza makorongo.

Kasi si kiasi. Mvua ya milimita 12 kwa saa ikipita shambani kwa robo saa, huacha milimita 3 tu, sawa na lita 3 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa mbegu iliyo ardhini hicho ni kidogo, lakini kwa dawa ambayo bado ni mbichi juu ya jani ni hasara tupu.

Kuhusu kijani hafifu au bluu ya pembezoni, mimi huipa uzito mdogo sana, hasa mwanzoni mwa msimu hewa inapokuwa bado kavu. Kadiri mahali palivyo mbali na rada, ndivyo mwale wake unavyopita juu zaidi, na matone unayoyaona huko huweza kukauka kabla ya kufika chini. Ukiinua macho utaona pazia la mvua linaloning'inia kwenye wingu bila kugusa ardhi.

Hatua ya nne: mvua inaelekea wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, na mimi nilipotea hapa kwa gharama. Msimu mmoja niliona doa jekundu upande wa mashariki, kilomita 30 hivi kutoka shambani kwangu, na mishale ya upepo ilikuwa imeelekea mashariki vilevile. Hata usoni nilihisi upepo ukivuma kulifuata wingu. Nikaamini kwamba upepo unaisukuma mvua mbali nami, nikaendelea kupulizia. Saa moja baadaye mvua ilinikuta nikiwa na bomba la sita mgongoni, na dawa yote ya alasiri ile ikateremka ardhini.

Kosa langu lilikuwa kuuchukua mshale kama njia ya wingu. Mishale ya programu, usipobadilisha chochote, huonyesha upepo wa kimo cha mita 10 juu ya ardhi. Wingu la radi lina urefu wa kilomita nyingi, na linaendeshwa zaidi na upepo wa juu, kilomita tatu hivi na kuendelea, ambao unaweza kuelekea upande tofauti kabisa. Zaidi ya hayo, wingu linalokua huvuta hewa ya chini kulielekea. Upepo niliouhisi ukienda kwenye wingu ulikuwa unalilisha, wala haukuwa unalifukuza.

Kwa hiyo mwelekeo wa mvua usitafutwe kwenye mshale, bali kwenye picha mbili zilizopishana kwa nusu saa. Nilimwomba mama asiguse ukubwa wa ramani, asubiri, kisha apige picha nyingine. Sharti la kutogusa ukubwa ni muhimu mno: ramani ikivutwa hata kidogo kati ya picha mbili, vipimo vyote vinaharibika. Picha ya pili ilikuwa ya `12:40 UTC`.

Kupima, mimi hutumia ukingo wa karatasi na penseli. Weka karatasi juu ya kipimo cha umbali na utie alama kwenye ncha zake mbili. Kisha chagua kitu cha kufuatilia, nacho kiwe kiini chekundu na si ukingo wa kijani, kwa kuwa ukingo hutanuka na kusinyaa mahali pake na utadhani mvua inatembea. Pima kiini kilipokuwa katika picha ya kwanza na kilipo katika ya pili, ukikilinganisha na mji au barabara isiyohama. Kuna watu wanaopenda kubonyeza kitufe cha kuchezesha picha mfululizo. Mimi sikipendi, kwa sababu programu nyingi zikifika sasa hivi huendelea moja kwa moja hadi kwenye utabiri, na jicho haliwezi kujua kipimo kimeishia wapi na makisio yameanzia wapi.

Kiini cha mama kilikuwa juu ya Kongwa katika picha ya kwanza. Katika ya pili kilikuwa kimesogea kilomita 15 kuelekea magharibi moja kwa moja, yaani mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Hombolo iko kaskazini-magharibi ya Kongwa, karibu kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Mishale ya chini ilitoka kusini-mashariki, na mtu anayeifuata angesema mvua inakuja Hombolo baada ya saa mbili. Kiini chenyewe kilionyesha vingine: kwa njia ile kingepita upande wa Chamwino, kilomita 25 hivi kusini mwa zabibu za mama.

Hata hivyo kipimo hiki kina ukomo. Wingu moja la radi la kawaida huishi nusu saa hadi saa moja, likafa na jingine kuzaliwa kando yake, mara nyingi pale ambapo hewa baridi inayotoka chini ya mvua inaiinua hewa ya joto. Hewa hiyo baridi pia hutangulia kama dhoruba ya vumbi, na huweza kufika kilomita 20 na zaidi mbele ya mvua yenyewe. Kwa hiyo mimi siamini mstari wa karatasi kupita saa moja.

Mshale una kazi yake, nayo ni kuonyesha dawa itapeperushwa wapi. Katika programu zenye mishale ya kawaida, ncha huonyesha upepo unakokwenda. Zile zenye kijiti chenye manyoya ni kinyume: manyoya yako upande upepo unakotoka, unyoya mzima ni kasi ya noti 10 na nusu ni noti 5. Hakikisha kizio, kwa kuwa 5 `kt`, yaani noti 5, ni kilomita 9 kwa saa na panapulizika, ilhali 5 `m/s` ni kilomita 18 kwa saa, na hapo mimi naacha.

Hatua ya tano: asilimia

Ile asilimia 60 ilikuwa ya siku nzima. Maana yake ni kwamba katika siku kumi zenye dalili kama hizo, sita zitapata mvua mahali hapo, hata kama ni kidogo sana. Haisemi mvua itakuwa nyingi kiasi gani, wala kwamba itanyesha kwenye asilimia 60 ya eneo. Nilimwomba afungue ukurasa wa saa kwa saa: kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni ilikuwa 45, na kesho yake asubuhi hadi saa tano ilikuwa 10.

Hatua ya sita: urefu wa kazi

Nusu ekari yake humtaka mabomba saba ya lita 16, karibu saa mbili na nusu pamoja na kuchanganya. Kibandiko cha dawa yake kilitaka saa tatu za ukavu baada ya kupulizia. Jumla ni saa tano na nusu, wakati picha mbili za rada zingeweza kumhakikishia saa moja tu. Kwa kazi ndefu kiasi hicho rada haitoshi, hata ikionyesha kwamba mvua inapita kando. Asilimia ya saa kwa saa ndiyo iliyoamua: "Mama, leo acha, anza kesho alfajiri."

Jioni ile Hombolo haikupata mvua, ila upepo mkali wa vumbi ulifika kabla ya saa kumi na mbili, na ungeitawanya dawa yote. Kesho yake alianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa tatu. Picha za rada alizitumia alasiri, kwa kazi inayolingana nazo: alipoona kiini kinakuja kwa kilomita 25 kwa saa, kikiwa bado kilomita 20 mashariki, alikuwa na dakika zaidi ya arobaini za kuanua karanga zilizokuwa kwenye turubai.