Usikate simu rimoti haijasema: namna ya kufunga simu ya mteja wa LUKU

Simu ninayoanza nayo niliipokea mwenyewe, Jumamosi moja jioni, Oktoba 2024. Mama mmoja amenunua umeme wa shilingi 10,000 na mita inaukataa. Miezi ile simu za namna hiyo zilikuwa haziishi. Mita hizi za tokeni za tarakimu 20 huhesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita iendelee kupokea umeme, ilibidi iingiziwe kwanza namba mbili za kuirekebisha, ndipo ifuate namba ya umeme wenyewe. Mama alitumiwa namba tatu, naye kwa mazoea akaingiza ya mwisho tu.

Nikamwelekeza aanze na ya kwanza. "Imekubali, mwanangu." Nikamwambia vizuri mama, malizia na hizo mbili, kuna kingine nikusaidie? "Hapana, asante sana." Nikaandika "limetatuliwa", nikapokea simu nyingine.

Haikupita saa moja, mwenzangu wa meza ya pili akampokea mama yuleyule, sasa yuko gizani. Namba ya pili aliruka tarakimu, ikakataliwa, na ya tatu nayo ikakataliwa. Maelekezo yangu yalikuwa sahihi. Nilikosea kwenye dakika mbili za mwisho, na hizo ndizo ninazofundisha sasa wageni wanapoletwa kwenye kitengo chetu.

Hatua ya 1: Jua mapema nini kitakuonyesha kwamba limekwisha

Kabla hujamwelekeza mteja kubonyeza chochote, muulize mambo mawili: rimoti ya mita, ile ya kubonyezea namba, inasoma uniti ngapi sasa hivi, na meseji ya manunuzi imeandika uniti ngapi. Tuseme rimoti inasoma 1.3 na meseji inasema 28.1. Basi tatizo litakuwa limekwisha rimoti ikisoma 29.4, au pungufu kidogo kwa sababu jiko na friji havikusubiri muongee. Iandike hiyo 29.4 pembeni. Usipokuwa nayo, mwisho wa simu utabaki unategemea sauti ya mteja, na sauti inadanganya.

Hatua ya 2: Mpe nafasi ya kuingiza namba

Hapa ndipo simu nyingi zinapoharibikia, na sababu yake ni ndogo mno: meseji yenye namba iko kwenye simu ileile anayoongelea. Mteja anaitoa sikioni asome, anasahau alipofikia, anabonyeza kwa kubahatisha. Mita nyingi zikikosewa mara kadhaa mfululizo hugoma kwa muda, na hapo unakuwa na tatizo la pili.

Mwambie akate, anakili namba zote tatu kwenye karatasi kwa mafungu ya tarakimu nne nne, na umpigie wewe baada ya dakika tano. Kama kituo chako hakiruhusu kupiga, aweke simu kwenye spika. Akiwa anabonyeza, nyamaza. Ukimsemesha katikati ya tarakimu 20 atapotea tu.

Hatua ya 3: Omba usomewe, usiombe "ndiyo"

Mteja wetu ana adabu. Ukimuuliza "Imekubali, eeh?" atakwambia "sawa", hata kama anachokiona hakielewi. "Haya, asante" inaweza kuwa shukrani, inaweza pia kuwa amekuchoka. Mtu mzima hasa hapendi kuonekana ameshindwa na kamashine kadogo mbele ya kijana.

Kwa hiyo swali liwe ambalo "sawa" haiwezi kulijibu:

"Mama, naomba unisomee kilichoandikwa kwenye rimoti sasa hivi, kama kilivyo."

Akisoma 29.2, umepata. Akisoma 1.3, namba haijaingia hata kama alisikia mlio. Akisema imeandika neno, mwambie alitaje herufi kwa herufi, maana ujumbe wa namba iliyokwisha kutumika na ule wa namba iliyokosewa unataka hatua tofauti, na maneno yenyewe hutofautiana mita kwa mita.

Kuna wakati huwezi kuthibitisha. Betri za rimoti zimekufa, au mpigaji yuko kazini na mita iko nyumbani. Hapo usiandike "limetatuliwa". Andika "linasubiri mteja asome uniti", weka saa, na umwambie mteja umeliacha hivyo.

Hatua ya 4: Ndipo uulize kama kuna kingine

"Kuna kingine nikusaidie?" ni swali zuri likija baada ya namba kusomwa. Likija kabla, ni ufagio: mteja anaelewa kwamba anasindikizwa mlangoni.

Mimi huongeza pia jibu la swali ambalo najua litakuja. Mteja akinunua kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi hupata uniti pungufu kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo humo. Sentensi moja inatosha, na inazuia simu ya "mmenikata hela".

Hatua ya 5: Mwachie jambo moja la kufanya

Moja tu. Ukimpa matatu atashika la mwisho, kama mama alivyoshika namba ya mwisho. Kwa yule wa Oktoba ilitakiwa nimwambie hivi: "Ukinunua tena utapata namba moja kama zamani, ingiza hiyo tu. Na kama kuna tokeni ya nyuma uliyoihifadhi bila kuitumia, mita haitaikubali tena. Ukiwa nayo tupigie uitaje." Kisha umwombe akurudishie kwa maneno yake. Wengi hawaombi kwa kuona aibu. Jitwishe mwenyewe: "Nirudie nilivyosema, nisije nikawa nimekuchanganya."

Tatizo likibaki, tuseme mita imekufa na linahitaji fundi, hatua inayofuata iwe na namba ya taarifa, nani analishika, na mteja afanye nini kama kimya kitazidi. Usiseme "fundi anakuja sasa hivi" wakati fundi humuoni. Sema unachokijua: "Nimeituma kwa zamu ya usiku. Saa ya kufika siijui. Ikifika saa mbili asubuhi hujapigiwa, piga utaje namba hii, hutaanza kueleza upya." Na mwonye asiifungue mita wala kugusa waya wakati anasubiri.

Hatua ya 6: Meseji, kumbukumbu, kwaheri

Mtumie meseji fupi kabla hujapokea simu nyingine:

"Mita yako imerekebishwa leo, uniti 29.2 saa 1:40 usiku. Ukinunua tena, ingiza namba moja utakayotumiwa. Ikikataa, piga utaje taarifa namba ..."

Kwenye mfumo usiandike "mteja ameridhika". Andika alichosoma: "Kabla 1.3, amenunua 28.1, amesoma 29.2. Namba zote 3 zimeingia. Ana tokeni ya zamani 1, ameambiwa." Mwenzako akimpokea kesho, atajua aanzie wapi.

Kisha muage kwa heshima yake, mwache akate yeye kwanza. Mara nyingi kidole kikiwa tayari kwenye kitufe ndipo anapokumbuka: "Ehe, mwanangu, na ile mita ya mpangaji je?"