Kupanga historia ya ugonjwa wa muda mrefu kutoka kwenye madaftari ya zahanati, kadi za kliniki na fomu za rufaa

Mgonjwa wa presha akifika kwa daktari bingwa wa figo, mojawapo ya maswali ya mwanzo huwa ni hili: kreatinini ilianza kupanda lini? Hicho ni kipimo cha damu ambacho hupanda figo zikidhoofika. Mara nyingi jibu lipo nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa madaftari, vyeti na majibu ya maabara ya miaka kumi. Shida ni kwamba halisomeki mpaka karatasi zipangwe.

Tutumie mfano tuliouunda kwa ajili ya mwongozo huu: mama wa miaka 58, mwenye presha, aliyetibiwa zahanati ya kijijini, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na maabara mbili za binafsi. Ana karatasi 31.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kupanga chochote

Anza na karatasi laini zinazong'aa, yaani risiti, baadhi ya majibu ya mashine na picha za ultrasaundi. Hizo huchapwa kwa joto, si kwa wino, kwa hiyo hufifia zikikaa juani au kwenye plastiki. Usizipeleke kupigwa laminesheni, kwa sababu joto la mashine huigeuza karatasi yote kuwa nyeusi na majibu yakapotea palepale. Piga picha pande zote mbili. Nyuma ya kadi ndiko wauguzi wanakoandika presha pale nafasi ya mbele inapokwisha.

Kusanya pia maboksi ya dawa na bahasha za eksirei, maana jina la hospitali na tarehe huwa vimeandikwa juu yake. Ikiwa kati ya karatasi kuna kadi ya CTC, yaani ya kliniki ya VVU, picha yake isirushwe kwenye kundi la familia. Hiyo ni siri ya mgonjwa, na yeye ndiye wa kuamua nani aione.

Hatua ya 2: Ipe kila karatasi namba

Andika kwa penseli nyuma, kwenye kona: K1, K2, mpaka K31. Usihangaike na mpangilio wa miaka sasa, chukua tu jinsi zinavyotoka mfukoni. Namba hii ndiyo itakayokurudisha kwenye ushahidi daktari akiuliza "hili umelitoa wapi?" Daftari moja la zahanati lina mahudhurio mengi, hivyo kwa daftari ongeza ukurasa: K4-uk7.

Hatua ya 3: Tukio moja, mstari mmoja

Tumia daftari kubwa au jedwali kwenye simu. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili jedwali lijipange lenyewe:

```
2019-04-12 | zahanati | BP 170/100 | dawa ya presha, mwezi 1 | K4-uk7
```

Nakili kilichoandikwa, si unachokielewa. Kama daktari ameweka alama ya kuuliza mbele ya ugonjwa, alama hiyo inakili pia, kwa kuwa maana yake ni kwamba anahisi tu, hajathibitisha. Ukiiacha, mtu anageuka mgonjwa wa ugonjwa ambao hakuna aliyewahi kumpima.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa moja huvuruga historia nzima.

La kwanza ni herufi TCA. Tarehe inayofuata herufi hizo ni siku ambayo mgonjwa *ametakiwa kurudi*, si siku aliyohudhuria. Ukiiandika kama hudhurio, utamwonyesha daktari kliniki ambayo mgonjwa hakwenda.

La pili ni sehemu zinazofanana na tarehe. Kwenye cheti cha dawa, 5/7 ni siku tano, 2/52 ni wiki mbili, na 1/12 ni mwezi mmoja: namba ya chini inaonyesha kama ni siku za wiki, wiki za mwaka au miezi ya mwaka. Tumeona 5/7 ikinakiliwa kuwa tarehe 5 Julai. Dalili ya kukujulisha ni mahali ilipo: ikiwa mwishoni mwa mstari wa dawa, ni muda wa kumeza.

La tatu ni rufaa. Fomu huwa na tarehe ya kuandikwa, na muhuri wa hospitali iliyompokea huwa na tarehe nyingine. Andika zote mbili, kila moja kwa mstari wake. Kwa mama wetu zimepishana siku 47, kwa sababu nauli ilichelewa kupatikana. Siku hizo ni sehemu ya ugonjwa.

Ukurasa usio na mwaka, angalia ule uliotangulia na unaofuata. Ikishindikana, muulize mgonjwa kwa matukio anayoyakumbuka: ilikuwa kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2015? Ilikuwa karibu na msiba wa Rais Magufuli, Machi 2021? Ukitumia Ramadhani, kumbuka kwamba kila mwaka hutangulia kwa takriban siku 11. Tarehe iliyotokana na kumbukumbu iandike kwa rangi nyingine, isije ikachanganyika na ya karatasi.

Hatua ya 5: Linganisha vipimo

Mama ana majibu matatu ya kreatinini: 1.4 mwaka 2017, 168 mwaka 2019, na 2.6 mwaka 2021. Ukizisoma hivyo, utadhani figo ziliharibika ghafla kisha zikapona. Angalia kipimio kilichoandikwa pembeni. Ya kwanza na ya mwisho ni mg/dL, ya katikati ni µmol/L. Zidisha mg/dL kwa 88.4:

```
2017: 1.4 x 88.4 = 124
2019: 168
2021: 2.6 x 88.4 = 230
```

Sasa inaonekana: imepanda moja kwa moja kwa miaka minne. Andika namba ya asili pamoja na uliyoikokotoa. Kama kipimio hakikuchapwa, usikisie. Weka namba peke yake na umwachie daktari.

Hatua ya 6: Soma mapengo

Panga mistari yote kwa tarehe, kisha tafuta TCA isiyofuatwa na hudhurio. Mama alitakiwa kurudi Agosti 2019, na hudhurio linalofuata ni la Juni 2020. Katikati kuna risiti tatu za duka la dawa, zote za diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, na hakuna dawa ya presha hata moja. Dawa za maumivu za kundi hilo zinaweza kuumiza figo, hasa zikiwa tayari dhaifu. Hata hivyo usiandike "diklofenaki iliua figo." Andika tarehe na idadi ya vidonge, kwani kuhukumu ni kazi ya daktari.

Pengo likiwa kwenye kipindi alicholazwa, nenda masijala ya hospitali husika na namba ya faili pamoja na tarehe ya kulazwa. Taja majina yake yote kama yalivyoandikwa kwenye kadi mbalimbali, maana Mwanahamisi wa kadi moja anaweza kuwa Hamisa kwenye faili.

Hatua ya 7: Ukurasa mmoja wa daktari

Jedwali lote libaki nyumbani. Kwa daktari toa ukurasa mmoja: magonjwa yaliyothibitishwa na mwaka wake, kreatinini na presha kwa mfululizo, dawa anazomeza sasa na zilizoachwa, mara alizolazwa, na mapengo mawili makubwa. Kila mstari uwe na namba yake ya K. Karatasi zenyewe zipange kwenye bahasha kwa namba hizo, ili K14 ikitajwa itoke bila kupekua.