Kabla hujawasha jiko la maabara: kutafuta entalpia ya uundwaji ya magnesiamu oksaidi

Magnesiamu ikiungua hewani hutoa mwanga wa kuumiza macho, na hapo ndipo shida inapoanza. Tunataka kujua joto linalotoka moli moja ya magnesiamu inapoungana na oksijeni kuwa oksaidi, lakini katika maabara ya shule hakuna namna ya kulikamata joto hilo. Sehemu yake inaondoka kama mwanga, moshi mweupe unabeba oksaidi yenyewe, na sehemu ya magnesiamu inaungana na nitrojeni badala ya oksijeni. Kwa hiyo tunazunguka. Ninaandika kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha sita hapa Tabora na walimu wanaowaandalia zoezi hili, kwa sababu nimeona matokeo yakiharibika kabla hata asidi haijamiminwa.

Jambo la kwanza ni kuchora njia zote mbili kwenye karatasi. Chukua magnesiamu, asidi hidrokloriki na oksijeni. Njia moja: magnesiamu inaingia kwenye asidi, inatoa kloridi na hidrojeni, kisha hidrojeni hiyo inaungua kuwa maji. Njia nyingine: magnesiamu inaungua kwanza kuwa oksaidi, kisha oksaidi inaingia kwenye asidi na kutoa kloridi ileile na maji yaleyale. Germain Hess alionyesha mwaka 1840 kwamba jumla ya joto ni ileile kwa njia yoyote, mradi mwanzo na mwisho ni vilevile. Ukitoka Kigoma kuja Tabora utakuwa umepanda mita 400 hivi, upite Uvinza na Kaliua kwa treni au uzungukie Kasulu, Kibondo na Nzega kwa basi.

Mimenyuko yenyewe ni hii:

Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂ (ΔH₁, unapima)
MgO + 2HCl → MgCl₂ + H₂O (ΔH₂, unapima)
H₂ + ½O₂ → H₂O (ΔH₃ = −285.8 kJ/mol, unachukua kwenye jedwali)

Tunachokitafuta ni ΔH₁ + ΔH₃ − ΔH₂. Ile alama ya kutoa ndiyo inayosahaulika: mmenyuko wa pili tunautembea kinyumenyume, kwa hiyo ishara yake inageuka. Ukiona jibu lako liko karibu na −900, usiende kulaumu kipimajoto. Umejumlisha zote tatu bila kugeuza.

Kwenye jedwali kuna mtego mwingine. Maji yana namba mbili: −285.8 kwa maji ya kimiminika na −241.8 kwa mvuke. Katika mzunguko wetu maji yanabaki kwenye bika, kwa hiyo ni ya kimiminika. Ukichukua ya mvuke, jibu linahama kilojuli 44 kamili, hata kama kila kitu kingine kimefanyika vizuri.

Asidi iwe ya chupa moja na ujazo uleule kwa majaribio yote mawili. Si suala la unadhifu tu. MgCl₂ ya jaribio la kwanza na ya jaribio la pili inabidi ifike mahali pamoja, katika myeyuko wa ukali unaokaribiana, la sivyo njia zako mbili hazikutani. Mimi hutumia sentimita za ujazo 100 za asidi ya moli 1 kwa lita. Ndani yake naweka gramu 0.50 za utepe wa magnesiamu, na katika jaribio la pili gramu 1.00 ya oksaidi. Kwa vipimo hivyo asidi inabaki kila mara, na lazima ibaki. Utepe usuguliwe kwa msasa hadi ung'ae, maana ule weusi wa juu ni oksaidi unayoipima kama magnesiamu. Kikombe kiwe cha plastiki, kimezungushiwa pamba ndani ya kopo, kikiwa na kifuniko chenye tundu la kipimajoto. Na kwa kuwa hidrojeni inatoka, moto wote uzimwe kabla utepe haujaguswa na asidi.

Sasa oksaidi. Hapa sina budi kukaa kidogo.

Katika shule moja niliyofundisha tulikuwa na chupa ya magnesiamu oksaidi iliyokaa kabatini miaka, kifuniko kimepasuka, mvua za Desemba hadi Machi zimepita juu yake mara kadhaa. Unga ulikuwa mweupe vizuri tu. Magnesiamu ilitupa kupanda kwa nyuzi 22.2, yaani juli 100 × 4.18 × 22.2, kama 9,280. Ukigawanya kwa moli 0.0206 unapata −451 kilojuli kwa moli. Thamani ya vitabu ni −467, kwa hiyo joto kidogo lilitoroka, jambo la kawaida. Oksaidi ikapandisha nyuzi 6.0 tu: juli 2,508 kwa moli 0.0248, yaani −101. Jumla: −451 − 286 + 101 = −636.

"Mwalimu, vitabu vinasema −602," akasema kijana mmoja. "Si joto limepotea?"

Nikamwambia aangalie upande. Joto likipotea kwa uwiano uleule katika majaribio yote mawili, jibu linasogea kuelekea sifuri: linakuwa −595 au −585. Letu lilikuwa limevuka −602 kwenda upande wa pili. Jibu lililozidi huko kwa kawaida linaelekeza kidole kwa oksaidi, kwa sababu namba yake ndiyo tunayoitoa. Ikiwa ndogo mno, tunatoa pungufu.

Oksaidi iliyokaa hewani hunywa maji ikawa hidroksidi, na hidroksidi hutoa kilojuli 114 tu kwa moli inapokutana na asidi, badala ya 151. Isitoshe, gramu moja yake ina moli chache zaidi. Pia hunywa kaboni dayoksaidi ikawa kaboneti. Ya kaboneti utaijua: tia unga kidogo kwenye asidi, ukitoa povu, ipo. Hidroksidi haitoi povu, inanyamaza, kwa hiyo kutoona povu si uthibitisho wa usafi.

Dawa ni kuipasha. Siku moja kabla, weka unga kwenye chungu cha kauri, kichome kwa mwali mkali hadi sakafu ya chungu iwe nyekundu, kipoze kwenye chombo kikavu kilichofungwa, pima uzito. Rudia mpaka uzito usishuke tena. Zetu gramu 3.00 ziliishia 2.44, hizo 0.56 zilikuwa maji tuliyokuwa tukiyaita oksaidi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu unga huu: ni mwepesi, huelea na kuganda mabonge, na huyeyuka polepole kuliko utepe. Anza kusoma kipimajoto kila nusu dakika, dakika tatu kabla ya kuutia, kisha endelea dakika nane baadaye huku ukikoroga. Chora grafu, urudishe mstari wa kupoa hadi dakika ulipotia unga. Ukichukua tu namba ya juu uliyoiona, utakuwa umepoteza joto lililotoka wakati mabonge yakiyeyuka.

Wiki iliyofuata, kwa unga uliochomwa, nyuzi zilipanda 8.4. Hiyo ni −141.5 kwa moli, na jumla ikawa −595.